Wakicheka katikati ya stori ya kutisha waache, ila ujue mapema utawarudishaje

Swali: "Shikamoo kaka. Niko Lindi mjini, huwa nasimamia michezo ya hadithi ya mezani na washkaji zangu wanne, jumamosi usiku. Nataka niwatengenezee moja ya kutisha, ya usiku mmoja tu, masaa matatu. Shida yangu nusu saa ya kwanza wanatulia kabisa, wanaogopa kweli, halafu kikitokea kitu mmoja anapiga utani, wote wanacheka, na hapo ndo basi, hofu hairudi tena mpaka tunaenda kulala. Nikiwakazia watulie inakuwa kama niko darasani. Nifanyeje ipande, ishuke, halafu irudi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuambie hao jamaa zako wako sawa kabisa. Mtu akikaa na presha nusu saa nzima lazima aitoe mahali, na mezani mahali pa kuitolea ni kicheko, hana pengine. Kwahiyo kile kicheko kinakuonyesha ile nusu saa ya kwanza uliifanya vizuri. Tatizo liko kwenye dakika kumi zinazofuata, manake we ulikuwa hujapanga mapumziko, wao wakajipangia wenyewe, na walipojipangia wakatoka nje ya stori mazima. Halafu la pili, nabahatisha lakini nadhani sikosei, hicho "kitu kikitokea" unakionyesha chote. Wakishaona sura yake, meno yake na kimetokea wapi, hawana swali tena, na mtu asiye na swali utamrudisha na nini?

Kwahiyo kabla hujafikiria mapigo ya stori amua vitu viwili. Cha kwanza ni ishara moja ndogo ambayo wachezaji watajifunza kuiogopa taratibu, kitu cha kawaida kabisa, kinachoweza kutokea popote. Cha pili ni swali moja ambalo litavuka mapumziko bila jibu. Wakati wa mapumziko unawapa majibu ya karibu kila kitu, wanashusha pumzi kweli, ila lile moja linabaki. Halafu ishara inarudi, na inarudi pale pale walipokaa kupumzika, hapo ndo hofu inapanda haraka kuliko mwanzo kwa sababu huhitaji kuwafundisha tena.

Ngoja nikupe stori yenyewe nzima tuipitie, ukitaka ichukue hivyo hivyo.

Wahusika wanne: karani wa ghala, mlinzi, kuli na dereva wa lori. Ni msimu wa korosho, mwezi wa kumi na moja, ghala liko nje kidogo ya Mnazi Mmoja pale njia panda ya Masasi na Mtwara, lori linaondoka alfajiri na kabla halijaondoka magunia lazima yahesabiwe na karani asaini. Basi. Kazi ni kuhesabu. Nimechagua korosho kwa makusudi kwa sababu huku kwetu hakuna mtu wa kumweleza gunia la kilo 80 likoje au ghala linanukaje, na dakika ambazo ungetumia kueleza mazingira unazitumia kwenye stori. Ishara yetu ni hesabu kuzidi kwa moja. Hakuna damu, hakuna sauti ya kuzimu, ni moja tu inazidi.

Kwanini sijaweka jini wala msukule? Manake ukitaja jina, wachezaji wanakuja na majibu yao kutoka nyumbani. Mmoja atasema anasoma dua, mwingine atasema msukule haukai ghalani, ndani ya dakika mbili mnabishana dini na hofu imekufa. Na kuna watu hayo mambo yamewafika kwenye familia kweli, sio mchezo kwao. Kitu kisicho na jina hakina dawa iliyozoeleka, kwahiyo wanabaki wanahangaika nacho. Kabla ya kuanza zungukeni kila mtu aseme kitu ambacho hataki kiguswe usiku huo, na kubalianeni kwamba mtu akiweka kiganja juu ya meza unaruka hiyo sehemu bila maswali. Inachukua dakika tano, na utashangaa watu wanajiachia zaidi wakijua mlango wa kutokea upo.

Sasa kifaa. Mi kwa stori za kutisha siku hizi situmii dadu, natumia mnara wa Jenga, ule wa vipande vya mbao vinavyopangwa safu juu ya safu, vitatu vitatu. Dadu ukirusha limeisha hapo hapo, umepona au hujapona, presha inaanza upya sifuri. Mnara unakumbuka. Kila mhusika akitaka kufanya kitu cha hatari anavuta kipande kimoja na kukiweka juu, akifanikiwa kafanikiwa, akikataa kuvuta kitu hakifanikiwi ila yuko salama, na mnara ukianguka mikononi mwake mhusika wake katoka. Kila hatari waliyopita mwanzo bado iko pale mezani inayumba, wanaiona kwa macho. Kama huna, fundi seremala yeyote anakukatia, vipande 54, urefu sentimita 7.5, upana 2.5, unene 1.5, mbao kavu, halafu upige msasa. Cha kuzingatia ni kwamba upana mara tatu uwe sawa na urefu, la sivyo safu hazikai. Unene ukitofautiana kidogo kidogo usijali, ndo vinavyofanya vipande vingine vitoke kirahisi na vingine vigome.

Tuseme mnaanza saa 2 usiku, mnamaliza saa 5.

Saa 2 mpaka 2:25 hakuna cha kutisha kabisa. Wanaingia ghalani, wanataniana, dereva analalamika amecheleweshwa, wanahesabu. Karatasi ya karani inasema 212, na wakihesabu wanapata 212. Hii sehemu wasimulizi wengi wanairuka na ndo wanapojiua, kwa sababu hesabu lazima iwe sahihi mara moja mbele ya macho yao ndo kuzidi kwake kuwe na maana. Waache wahesabu kwa mdomo, muulize kila mmoja kasimama safu ipi, nani ameshika tochi. Vuteni vipande vitatu vinne tu, kwa vitu vidogo kama kupanda juu ya rundo kuhesabu ya nyuma, ili mikono izoee mnara. Wakicheka hapa cheka nao.

Kuanzia 2:25 unapandisha, na unapandisha taratibu. Mlango unajifunga kwa upepo, mlinzi anaenda kuufungua, anarudi, karani anaambiwa na bosi kwa simu ahesabu tena kwa uhakika. 213. Wachezaji watasema mmekosea. Vizuri, waache waseme hivyo, usiwabishie wala usiweke sauti nzito. Wahesabu tena. 213. Mmoja atapendekeza wagawane pande, kila mtu upande wake, halafu wajumlishe, unawapa namba nne na zinajumlisha 214. Hapo utaona mabega yanaanza kusogea mbele. Kati ya hesabu na hesabu weka dakika nane mpaka kumi zenye kazi ya kawaida ndani yake, kusogeza rundo, kutafuta betri, simu ya mke wa dereva, kwa sababu hofu inakua pale wanapofanya kitu kingine huku namba iko kichwani. Ukizipanga hesabu mfululizo wanazoea, na ya tano haina kitu.

Vuteni mnara kama kila dakika tatu hivi. Ikifika kipande cha ishirini na kitu mikono ya kawaida inaanza kutetemeka, na hapo usiongee. Kweli kabisa, mchezaji akiwa ameweka kidole kwenye kipande wewe funga mdomo, watu wengi wanajaza ule ukimya kwa maelezo na wanaua kitu ambacho mnara ulikuwa unawafanyia bure.

Kilele cha kwanza kiweke saa 3:15 hivi. Kuli akishika gunia moja analikuta lina joto. Sio moto, joto tu, kama la mtu. Hapo watataka kulipasua, na kupasua ni kuvuta vipande viwili au vitatu mfululizo. Mnara ukianguka hapa, na mara nyingi huwa hapa, yule aliyeuangusha usimuue. Taa zimezima, ghala giza, wanatoka nje mbio, wanajikuta watatu, wanaita, kimya, dakika moja nzima, halafu yule wa nne anatoka mwenyewe anahema anasema nilinasa shati kwenye msumari. Wote wanaangua kicheko. Na we sasa mpe yule mchezaji kikaratasi kidogo kimyakimya, umeandika: *cheza kama kawaida, ila wewe sio yule aliyeingia.* Kwa njia hiyo aliyetoka hakai pembeni na simu masaa mawili, ana kazi kubwa kuliko wote.

Mnara usipoanguka? Usiulazimishe. Saa ikifika 3:25 wapasue gunia, zimwagike korosho tupu, na wakimbie nje wenyewe, karani akichelewa kutoka dakika moja. Uache mnara umesimama hivyo hivyo unapepesuka mbele yao wakati wote wa mapumziko, mtu asiuguse. Kikaratasi mpe anayecheza karani, kwa sababu ndo mwenye hesabu. Ukianguka mapema mno, mathalani saa 2:40, fanya mambo yale yale, mtu anapotea dakika moja anarudi, mpe kikaratasi, jengeni upya na endeleeni kupanda mpaka muda wa mapumziko ufike. Kitu ambacho hakisogei kwenye ratiba yako ni mapumziko, vingine vyote vinacheza.

Haya, mapumziko yenyewe, hapa ndo kwenye swali lako.

Saa 3:30 wahusika wako nje, kuna mama ntilie ng'ambo ya barabara bado anauza chai na mihogo kwa madereva, wanakwenda kukaa. Na hapo hapo kwenu pia leta chai ya kweli na mihogo ya kweli. Wachezaji wanapumzika na wahusika wanapumzika, sehemu moja, kinywaji kimoja. Usitangaze "tupumzike dakika kumi na tano" watu wakatawanyika uani kuchati, ukifanya hivyo umeshawapoteza, itabidi uanze kuwapigia makofi warudi. Sema tu mama anawamiminia chai, halafu miminia.

Wakati wanakunywa wape nafuu ya kweli. Dereva anasema, na ni kweli, korosho zisipoanikwa zikakauka vizuri zikifungwa kwenye gunia zinapata joto, yeye ameshaliona hilo mara nyingi. Karani akiangalia karatasi vizuri anakuta kuna mstari ameurudia mara mbili. Kumbe! Yale yote yana maelezo. Usiweke nusu nusu hapa, usiweke kikohozi cha kutisha wala mlio wa bundi, mana wachezaji wana akili, wakisikia harufu ya mtego hawashushi pumzi, na mtu ambaye hajaishusha huwezi kumpandisha tena, unamchosha tu. Acha wacheke. Acha wamsimange aliyekimbia wa kwanza. Feni iwe inazunguka, taa iwe imewaka.

Na kama mnara ulianguka, huku wanaongea mjenge upya wote kwa pamoja. Hii kazi ya mikono inasaidia sana, watu wanataniana huku wakipanga vipande na bado macho yako kwenye meza, hawajatoka. Ila mnara mpya wenye vipande vyote 54 ni imara mno, ungewapa nusu saa ya kuvuta bila hofu yoyote, kwahiyo kabla hamjaendelea kila mchezaji avute vitatu bila sababu na bila adhabu, jumla kumi na mbili. Ukianguka wakati huo panga tena tu. Ukimaliza mna mnara uliopoa kidogo lakini sio mchanga, na ndo hali unayotaka na vichwani mwao pia.

Utajuaje wamepumzika vya kutosha? Sikiliza utani wenyewe. Utani ukiwa bado ni wa ndani ya stori, "huyu karani darasa la saba alipataje kazi", wako na wewe, waache. Utani ukianza kuwa wa nje, mpira, nani kamtumia nani meseji, umechelewa kidogo, ingia sasa. Kwa washkaji wanne huwa ni kati ya dakika 12 na 20, sijaona meza ambayo nusu saa inawafaa.

Kurudi. Usiinue sauti, usipige meza, usizime taa. Wasimulizi wengi wakitaka kurudi wanakuja na kitu kikubwa kuliko kile cha kwanza, mlango unavunjwa, mtu anapiga yowe, na wachezaji ambao wametoka kucheka wanacheka tena kwa sababu wako mbali sana na yowe. Unarudi na kitu kidogo kuliko vyote vilivyotangulia. Wahusika wanainuka, dereva anauliza bei gani.

Mama anasema, chai tano.

Nne mama, tuko wanne.

Tano. Huyu mwenzenu si alikuja mwanzo akanywa akasema anakwenda kukuiteni.

Huyu yupi?

Mama anamwonyesha yule mwenye kikaratasi.

Sema hayo kwa sauti ile ile uliyokuwa unawasimulia bei ya mihogo. Halafu nyamaza, uzime feni. Hiyo ya feni usiidharau, Lindi mwezi wa kumi na moja watu wameshazoea ule mvumo hawausikii tena, ukikatika ndo wanausikia. Baada ya robo saa iwashe, joto likizidi wataanza kufikiria joto. (Na mwanzo kabisa angalia upepo wake usiwe unaelekea kwenye mnara.)

Angalia ile ishara imefanya nini. Walijifunza ghalani kwamba ikizidi moja kuna shida. Wakaambiwa ni kosa la karani, wakakubali. Sasa imezidi moja kwenye vikombe, kwa mtu ambaye hajui chochote kuhusu magunia, na pale walipokuwa salama. Maelezo yote mawili ya mapumziko, la joto na la mstari, bado ni sahihi, ila hayagusi hili. Na lile swali ulilolibeba, ile dakika moja gizani alikuwa wapi, ambalo walilicheka, sasa linarudi lenyewe bila wewe kulitaja. Usilitaje! Waache walitoe wao. Atatokea mmoja atauliza, "we shati lako si ulisema limenasa, hebu tuone limechanika wapi," na hapo kazi yako kubwa imekwisha.

Akipiga mtu utani dakika hii, na atapiga, usimkatishe. Mwache amalize, wacheke sekunde mbili, halafu mgeukie yeye huyo huyo umuulize kitu kidogo cha mwili: umesimama upande gani wa benchi, nani yuko nyuma yako, kikombe umeweka wapi. Swali lazima liwe dogo na lijibike. Akijibu amesharudi ndani, na wenzake wamemfuata. Ndo maana nasema usiwakazie, hilo swali dogo linafanya kazi ambayo kuwaambia watulie haiwezi.

Kuanzia hapo unapanda kwa mwendo mwingine. Mara ya kwanza ilikuchukua karibu saa nzima kufika kileleni, sasa kumi na tano ishirini zinatosha kufika pale pale, halafu unazo nusu saa za kwenda juu zaidi. Saa 4:10 mlango wa ghala, waliofunga wenyewe kwa kufuli, unagongwa kutoka ndani, kwa upole, hodi tatu. Mchezaji mwenye kikaratasi atakutazama, we mwitikie kwa kichwa aendelee kucheza. Vuteni mnara kwa kila kitu sasa, kukaribia mlango, kuuliza nani, kufungua. Sauti ya ndani inajua mambo ambayo yule wa nje hakumbuki, ipe mambo mawili tu, madogo, jina la utani la mtoto wa dereva linatosha.

Kanuni ya hicho kitu ni moja na wachezaji waigundue wakiwa hapa: kilichohesabiwa kinabaki. Kila walipohesabu na kukubali namba, kimoja kilipata ruhusa ya kuwepo. Unaigundulisha kwa karatasi ya karani, namba 214 ameiandika yeye kwa mkono wake na wino haufutiki. Usieleze zaidi ya hapo. Kimetoka wapi, kinataka nini, kiache, hayo maswali wakienda nayo nyumbani ni haki yao.

Kilele cha mwisho ni saa 4:45, lori linawaka. Wanapanda, wako wangapi sitakuambia kwa sababu inategemea walichoamua mlangoni, na kondakta au askari wa kizuizi anamulika tochi anauliza mko wangapi humu. Kusema namba yoyote ni kuvuta kipande. Kukaa kimya pia ni kuvuta. Mnara ukianguka umeanguka kwa aliyesema, ukisimama lori linaondoka na namba iliyosemwa. Ukishapata namba hiyo malizia kwa sentensi moja na uwashe feni, usiongeze tukio jingine baada yake hata kama zimebaki dakika kumi na wanakuomba.

Kuna mahali itakugomea. Washkaji wakiwa wamechoka kabla hata hamjaanza, wengine wametoka kazini jumamosi hiyo hiyo, sehemu ya kwanza ya kuhesabu inawaboa, utaona wanauliza kanuni kila saa, kipande hiki naruhusiwa, kile je. Maswali ya kanuni mfululizo ni dalili hawajaingia. Hapo punguza wahusika wa pembeni, ruka simu ya bosi, nenda moja kwa moja hesabu ya pili. Na wakizidi sita mbinu ya chai haishiki vizuri, kuna wawili watatu watakuwa na maongezi yao pembeni na "chai tano" itapita hawajaisikia, kwahiyo baki na wanne wako.

Kama siku hiyo mna masaa mawili tu, usikate mapumziko. Kata pale kwenye kupanda kwa kwanza, iwe 212 halafu 213 halafu gunia la joto, ile ya 214 iache karani aione mwenyewe kwenye karatasi baada ya chai. Mapumziko yabaki robo saa kamili, na chai iwe imeshapikwa kabla hamjakaa, manake ukiinuka kwenda kuwasha jiko katikati ya stori utarudi ukute wanaangalia matokeo ya mpira.